Hesabu Anayoweza Kuirudia Msomaji: Barua Pepe Moja ya Biashara Kutoka Bugolobi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja dogo linalotokea katika uandishi wa barua pepe za kutafuta wateja, yaani zile barua anazoandikiwa mtu ambaye hakuomba kuandikiwa na wala hamjui mwandishi. Jambo lenyewe ni hesabu ya fedha ambazo msomaji ataacha kuzilipa endapo atakubali anachoambiwa. Walimu wengi wa Kiswahili cha biashara, nasi tukiwamo, wamezoea kusahihisha upatanisho wa ngeli na salamu za mwanzo, halafu hesabu wakaiacha ipite kana kwamba si lugha. Tuliuona upungufu huo kwa mwanafunzi wetu mmoja wa masomo ya jioni, na hapa tunasimulia barua yake jinsi ilivyokuwa kwanza na jinsi ilivyokuja kuwa.

Mwanafunzi huyo ni fundi umeme. Ana duka dogo Bugolobi, upande wa Barabara ya Port Bell, anauza taa, nyaya na swichi, na kazi yake kubwa ni kubadilisha taa za zamani za tyubu kwa taa za LED. Wateja wake ni hoteli ndogo, nyumba za wageni na maofisi ya mitaa hiyo. Bugolobi ina wakazi wengi waliotoka nje ya Uganda, na baadhi yao, hasa waliotoka mashariki mwa Kongo, husoma Kiswahili kwa wepesi zaidi kuliko Kiingereza, na Luganda hawakijui. Ndiyo sababu alijiandikisha kwetu. Alitaka kuandika kwa Kiswahili, na alikuwa na haraka, maana kodi ya duka ilikuwa imempita miezi miwili.

Barua yake ya kwanza alikwisha kuituma kabla hatujaiona. Aliipeleka kwa nyumba za wageni zipatazo kumi na mbili, na kiini chake kilikuwa sentensi hii: "Okoa hadi asilimia 70 ya bili yako ya umeme kwa taa zetu za kisasa!" Kumi na mmoja hawakujibu. Mmoja alijibu, naye ni mama mzaliwa wa Bukavu anayesimamia nyumba ya wageni isiyo mbali na Barabara ya Luthuli. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema kwamba mwezi uliopita alilipa umeme shilingi 1,100,000, na akauliza kama fundi anamwambia kwamba mwezi ujao atalipa 330,000. Kisha akaongeza: "Maji ya moto ya wageni nitayachemshia nini, baba? Taa zako?"

Fundi alituletea jibu hilo darasani huku akicheka kwa aibu. Tuliliandika ubaoni, na ndilo lililotupa somo la wiki tatu.

Mama yule alikuwa amefanya jambo ambalo msomaji yeyote mwenye fedha zake hulifanya. Alichukua asilimia aliyopewa, akaiweka juu ya kiasi anachokijua, akaona haiwezekani. Katika nyumba ya wageni umeme mwingi huliwa na hita za maji, majokofu, pasi na jiko. Taa ni sehemu tu, na mara nyingi ni sehemu ndogo. Inawezekana kabisa kwamba taa moja moja ya fundi ilitumia umeme pungufu kwa kiwango kikubwa kuliko ile ya zamani. Lakini pungufu ya taa si pungufu ya bili. Asilimia bila kutaja ni ya kitu gani ni kama kusema "nusu" bila kusema nusu ya nini, na msomaji akiachwa ajitafutie atachagua kile kilicho karibu naye, yaani bili nzima.

Neno "hadi" nalo liliongeza taabu. Wapo wanafunzi darasani waliolisoma kwa maana ya kwamba bili itapungua mpaka ibaki asilimia 70, wapo waliolisoma kwamba itapungua kwa asilimia 70, na wapo waliosema halina maana yoyote ila ni kinga ya mwuzaji, kwa kuwa hata asilimia 2 imo ndani ya "hadi 70". Wote walikuwa na haki. "Imepungua kwa 70" na "imepungua hadi 70" ni mambo mawili yaliyo mbali, na katika barua ya fedha hatuoni sababu ya kumwachia msomaji fumbo la namna hiyo.

Tulianza upya kwa kumwuliza fundi swali moja: katika nyumba ile ya wageni, wewe mwenyewe uliona nini kwa macho yako? Akasema aliwahi kuingia kula chakula cha mchana, akaona korido ya vyumba vya chini ina tyubu 10 ndefu, zile za futi nne, kila moja ikiwa imeandikwa 36W mwishoni, karibu na pini. Taa ya LED anayoiuza kwa nafasi hiyo hiyo imeandikwa 18W. Bei yake, pamoja na kuifunga, ni shilingi 18,000. Hakuwa anajua lolote jingine kuhusu nyumba ile, na kumbe hayo yalitosha.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Taa moja inapunguza wati 36 kuwa 18, basi tofauti ni wati 18. Taa 10 ni wati 180. Zikiwaka saa kumi kwa usiku mmoja ni wati 1,800 kwa saa moja, na kwa kuwa uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja, hiyo ni uniti 1.8. Kwa siku 30 ni uniti 54. Linalobaki ni kuzidisha kwa bei ya uniti.

Hapo kwenye bei ndipo tulipokaa muda mrefu. Fundi alitaka kuandika bei aliyoisikia redioni. Tulimkatalia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bei ya umeme nchini Uganda hupitiwa upya na mamlaka ya udhibiti kila baada ya miezi mitatu, na tena nyumba ya kuishi, duka na kiwanda havilipi bei moja. Barua iliyo sahihi mwezi huu yaweza kuwa na kosa mwezi ujao, na mpokeaji akiona namba moja si sahihi ataitilia shaka barua nzima. Hata kampuni inayouza umeme imebadilika: Umeme, iliyoshika kazi hiyo tangu 2005, ilimaliza mkataba wake tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikachukuliwa na UEDCL. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Bei iliyo kweli kwa mama yule imo mkononi mwake. Mita yake ni ya malipo ya kabla, mfumo ambao Kampala unaitwa Yaka, na kila anunuapo umeme hupata ujumbe au risiti inayoonyesha uniti alizopata na fedha alizolipa. Kwa hiyo barua haina haja ya kumfundisha bei. Inahitaji kumwonyesha mahali pa kuiweka.

Kuna mtego hapa ambao fundi ndiye aliyetuonyesha, nasi tukashukuru. Mtu akichukua jumla ya fedha alizolipa akaigawanya kwa uniti alizopata, pengine atapata bei kubwa kuliko ile halisi. Katika malipo ya kwanza ya mwezi hukatwa ada ya huduma, na ada hiyo haipungui hata ukiwasha taa moja tu. Inayotakiwa ni fedha ya umeme peke yake pamoja na kodi ya ongezeko la thamani inayoufuata umeme huo, bila ada ya mwezi. Njia nyepesi ni kutumia risiti ya pili au ya tatu ya mwezi, ambayo ada imekwisha kuondolewa. Sentensi moja ya barua iliweza kulisema hilo bila maelezo marefu.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana kazi yetu ni hiyo. Rasimu ya pili ya fundi ilisema: "Taa zako zinawaka saa 12." Msomaji wa Kampala akiona "saa 12" anaweza kufahamu kwamba zinawashwa jioni jua linapotua, au kwamba zinawaka muda wa nusu ya siku. Kiswahili hutumia neno moja kwa saa ya ukutani na kwa muda, na Luganda hali kadhalika huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mtego unafanana kwa wote. Wasemaji wengi hujiokoa kwa kusema "masaa 12" wanapokusudia muda. Walimu tumezoea kulipiga kalamu nyekundu neno hilo kwa kuwa wingi sanifu ni "saa", lakini tukubali kwamba wanaolitumia wanatafuta tofauti ambayo wanaihitaji. Katika barua ya hesabu kuna njia isiyogombana na mtu: taja mwanzo na mwisho, kisha muda. "Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani muda wa saa 10." Msomaji anaihesabu kwa vidole na kuona kama ni kweli.

Namba kubwa nazo zina mchezo wake. "Elfu kumi na tano" wengine huisikia 15,000, na mwalimu mkali atakuambia yaweza kuwa 10,005. Kwa mdomo sauti hutusaidia, katika maandishi haipo. Tulikubaliana kwamba fedha zote ndani ya barua ziandikwe kwa tarakimu. Vilevile tuliondoa "mara mbili" pale fundi alipoandika kwamba matumizi "yatapungua mara mbili". Kuongezeka mara mbili kunaeleweka. Kupungua mara mbili hakueleweki vizuri, na kama unachotaka kusema ni kwamba inabaki nusu, neno "nusu" lipo tangu zamani.

Kitenzi "okoa" tulikijadili zaidi. Matangazo yamekizoea, na hatusemi ni haramu. Lakini Kiswahili huokoa mtu anayezama au mali inayoungua, na fedha ambazo bado ziko mfukoni mwa mama yule hazijazama popote. Pia "utaokoa shilingi 32,400" ni ahadi ya wakati ujao isiyo na sharti, inayotolewa na mtu asiyejua taa zinazimwa saa ngapi. Tukamwelekeza kwenye kiambishi -ki-. "Zikiwaka muda wa saa 10, tofauti ni uniti 1.8." Kiambishi hicho kidogo kinabeba sharti lote: kama haziwaki saa 10, tofauti si hiyo, na msomaji anaalikwa aseme zinawaka ngapi. Tulijaribu pia -nge-, "zingewaka", ikatupa barua yenye mashaka, kana kwamba mwandishi haamini kuwa taa zile zinawashwa. Wanafunzi waliliona jambo hilo upesi kuliko tulivyotarajia, na tunawashauri walimu wenzetu watumie barua ya namna hii wanapofundisha masharti, badala ya ile mifano ya mvua ikinyesha ambayo imechosha.

Barua iliyotumwa ilikuwa hii:

"Shikamoo Mama. Mimi ndiye fundi niliyekuandikia habari ya asilimia 70. Ulisema kweli, taa haziwezi kupunguza bili nzima kiasi hicho. Naomba radhi.

Nilipokula kwako niliona korido ya chini ina tyubu 10 zilizoandikwa 36W. Yangu ya urefu huo imeandikwa 18W. Tofauti kwa taa moja ni wati 18, kwa taa 10 ni wati 180. Zikiwaka kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani muda wa saa 10, ni wati 1,800 kwa saa moja, sawa na uniti 1.8 kwa usiku. Kwa siku 30 ni uniti 54.

Nimekisia uniti moja ni shilingi 600: 54 mara 600 ni 32,400 kwa mwezi. Tafadhali badala ya 600 weka bei ya risiti yako ya Yaka, ile isiyokatwa ada ya mwezi.

Taa 10 pamoja na kuzifunga ni 180,000. Kwa hesabu hiyo fedha inarudi ndani ya miezi sita. Majokofu na maji ya moto sikuyagusa.

Kama muda wa kuwaka si huo, nijulishe nami nitaihesabu upya."

Ina maneno yasiyofika mia moja na hamsini. Darasani tuliipima kwa namna hii: tuliwapa wanafunzi wa kundi jingine, ambao hawakuwahi kumwona fundi, tukawaomba waifanye hesabu upya kwa kalamu na karatasi bila kuuliza lolote. Waliokwama tuliwaandikia mahali walipokwama. Katika rasimu iliyotangulia wengi walikwama kwenye "uniti 1.8", kwa kuwa fundi aliruka kutoka wati 180 moja kwa moja hadi uniti bila kupitia 1,800. Kwake ilikuwa hatua moja, kwa kuwa ni kazi yake ya kila siku. Kwa mtu mwingine zilikuwa hatua mbili, na ya katikati ndiyo iliyokosekana. Msomaji aliyekwama hapo hasemi kwamba hajui umeme. Husema moyoni kwamba anadanganywa.

Mama alijibu siku ya tatu, na jibu lake lilikuwa masahihisho. Alisema kwamba askari wake huzima tyubu tano za upande wa ndani ikifika saa sita usiku, zinabaki tano za upande wa ngazi. Na bei yake kwa risiti, alisema, inakaribia shilingi 650. Alikuwa ameifanya hesabu mwenyewe, akaituma.

Taa tano zinazokesha: wati 90 kwa muda wa saa 10 ni wati 900 kwa saa moja, uniti 0.9 kwa usiku, uniti 27 kwa mwezi, mara 650 ni shilingi 17,550. Taa tano zinazozimwa saa sita huwaka muda wa saa 5 tu: uniti 0.45 kwa usiku, uniti 13.5 kwa mwezi, shilingi 8,775. Jumla ni 26,325, wala si 32,400. Akaendelea kupiga hesabu ya kurudi kwa fedha, kila kundi peke yake. Taa tano ni shilingi 90,000. Zile zinazokesha zingerudisha fedha hiyo katika miezi mitano na siku chache. Zile nyingine zingechukua zaidi ya miezi kumi. "Basi niletee tano," alimalizia. "Zile nyingine tutaona."

Fundi alivunjika moyo kidogo, kwa kuwa alitarajia kumi. Sisi tuliona tofauti, na tulimwambia hivyo. Barua ya kwanza ilimpa msomaji kitu cha kukataa tu. Ya pili ilimpa kitu cha kusahihisha, na mtu akishasahihisha hesabu yako kwa kalamu yake amekwisha kuichukua kuwa yake. Ni kweli kwamba oda ilipungua nusu, lakini hizo tano zilikuwa za kweli, na zile tano nyingine huenda zingeleta manung'uniko baada ya mwaka.

Swali alilouliza mama siku ya kuletewa taa linastahili nafasi yake. Aliuliza atajuaje kwamba namba zilizoandikwa kwenye taa ni za kweli. Fundi alitaka kumjibu angoje bili ya mwezi ujao. Tunafurahi kwamba hakufanya hivyo. Bili ya nyumba ya wageni hupanda na kushuka kwa idadi ya wageni. Wiki moja ya harusi na maji ya moto yake yaweza kuzifunika uniti 27 zote zisionekane, na mteja akadhani ameibiwa. Au kinyume chake: mwezi usio na wageni ungempa fundi sifa asiyostahili. Tofauti ndogo haipimwi ndani ya jumla kubwa inayoyumba.

Badala yake alimwonyesha mita. Mita nyingi za aina hii zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja. Ya mama ilisomeka hivi:

```
1000 imp/kWh
```

Maana yake ni kwamba mimweko 1,000 ni uniti moja, kwa hiyo mmweko mmoja ni wati moja kwa muda wa saa moja. Ukiwasha kitu cha wati 180 peke yake, kitaa kitamweka mara 180 kwa saa. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya kwa 180, unapata mmweko mmoja kila sekunde 20. Mita iliyoandikwa namba nyingine hutoa sekunde nyingine, lakini njia ni ile ile.

Asubuhi moja ambayo vyumba vilikuwa vitupu, walizima swichi zote za boksi isipokuwa ya ngazi, wakawasha tyubu tano za zamani. Tano mara 36 ni 180, basi walitarajia sekunde 20. Mama alishika simu yake ikiwa na saa ya kuhesabu. Alipata sekunde 16.

Hapo kila mtu alinyamaza, na kwa mwandishi wa barua ni wakati wa kutisha. Hata hivyo kosa lilikuwa upande wa mteja kupata zaidi. Sekunde 3,600 gawanya kwa 16 ni 225, yaani kila taa ilikuwa inakula wati 45, si 36. Zile wati 9 za ziada huliwa na choki, lile donge la chuma na waya wa shaba lililofichwa ndani ya fremu ya taa za tyubu za zamani, ambalo ukiligusa baada ya saa chache huwa la moto. Namba 36W iliyo kwenye tyubu ni ya tyubu tu. Zilipofungwa za LED, na stata ya zamani kuondolewa na kuwekwa ile inayokuja na taa mpya, mmweko ulichukua sekunde kama 39, karibu sana na 40 zinazotarajiwa kwa wati 90.

Fundi alijua habari ya choki tangu mwanzo. Tulikuwa tumeijadili darasani, na yeye alitaka kuiingiza katika barua kwa kuwa ingeongeza fedha. Tulimshauri aiache. Wati 36 zinasomeka kwa yeyote anayepanda kiti. Wati za choki hazisomeki kwenye tyubu, zinatofautiana kutoka choki hadi choki, na msomaji angelazimika kuamini neno la mwuzaji. Kiasi kinachohitaji kuaminiwa kikitolewa nje, hesabu inakuwa ndogo kuliko ukweli, na atakayepima atakuta nyongeza badala ya pengo. Hatusemi kwamba hili linawezekana katika kila biashara. Yapo mambo ambayo faida yake yote imo katika sehemu isiyoonekana, na hapo mwandishi hana budi kutafuta njia nyingine.

Jambo moja hesabu haikulisema, nalo mama aliliona jioni ya kwanza. Taa ya LED hutupa mwanga wake upande wa chini, ilhali tyubu hutupa pande zote, na dari ya ngazi ikawa na giza kuliko zamani. Sakafuni mwanga ulitosha. Wageni hawakulalamika, lakini yeye aliona, na alisema. Barua iliyozungumzia wati peke yake ilikuwa imeuacha mwanga nje. Tangu hapo fundi ameongeza sentensi katika barua zake: kwamba atafunga taa moja kwanza, ikae usiku mmoja, kabla ya mteja kulipia nyingine.

Katika muhula unaofuata tumeamua kuwapa wanafunzi zoezi hili bila umeme, ili wasinakili. Kundi moja litaandika kwa mwenye duka la kunakili karatasi kuhusu kuchapa pande mbili za ukurasa, ambapo idadi ya rimu za karatasi kwa mwezi mwenye duka anaijua mwenyewe. Jingine litaandika kwa shule inayonunua maji ya chupa. Kila barua itapelekwa kwa kundi lisilohusika, na mwandishi hataruhusiwa kufungua mdomo wakati wenzake wanapoirudia hesabu yake.

Zile tyubu tano za upande wa ndani bado zipo kwa mama wa Bukavu. Amemwambia fundi kwamba hatazitoa zikiwa nzima. Itakayokufa ndiyo itakayobadilishwa, na mpaka sasa imekufa moja.